SOMO: Kugeuza misimbo ya hali kuwa maelezo kamili kwa SWITCH ya Excel, na ujumbe wa msimbo usiomo

Tuchukue daftari la vifurushi vya basi. Safu A ina namba ya kifurushi, safu B ina msimbo wa hali ambao karani anauandika haraka dirishani: PK, NJ, FK, KB, RD. Karani anaijua hiyo misimbo, lakini mteja au bosi akipewa orodha hatajua NJ ni nini. Tunataka safu C ijiandike maelezo yenyewe.

Hatua ya 1. Kwanza andika pembeni kila msimbo na maelezo yake, ukiwa bado hujagusa fomula. Hakikisha hakuna msimbo mmoja wenye maana mbili, kwa sababu SWITCH inasoma kuanzia mwanzo na kusimama kwenye jibu la kwanza linalolingana. La pili halitafikiwa kamwe.

Hatua ya 2. Bofya seli C2, kisha bofya ndani ya upau wa fomula juu na ubandike hii humo. Ukiibandika moja kwa moja kwenye seli, Excel itaitawanya kila mstari kwenye seli yake.

```
=SWITCH(TRIM(B2),
"","",
"PK","Kimepokelewa ofisini",
"NJ","Kiko njiani",
"FK","Kimefika, kinasubiri mwenyewe",
"KB","Kimekabidhiwa",
"RD","Kimerudishwa kwa mtumaji",
"Msimbo haumo: "&B2)
```

Kipande cha kwanza ni kile kinachochunguzwa. Baada yake vipande vinakwenda viwiliviwili, msimbo na maelezo yake. Kile cha mwisho kinachobaki peke yake, bila mwenza, ndicho ujumbe wa akiba, unaotokea pale msimbo usipopatikana kwenye orodha. Hakuna alama yoyote inayoutambulisha zaidi ya huo upweke wake, na hilo tutalirudia hapa chini.

Jozi ya `"",""` ni kwa ajili ya mistari ambayo haijajazwa. Bila hiyo, kila mstari mtupu utaandika "Msimbo haumo:" na ukurasa mzima utajaa kelele. TRIM inaondoa nafasi za mwanzoni na mwishoni, maana kwa SWITCH "PK" na "PK " ni vitu viwili tofauti, ingawa kwa macho huoni chochote.

Nimeunganisha `&B2` kwenye ujumbe wa akiba kwa makusudi. Wengi huandika "Haijulikani" tu, halafu inabidi warudi safu B kutafuta kilichoandikwa. "Msimbo haumo: KP" inakuonyesha papo hapo kwamba karani aligeuza herufi.

Hatua ya 3. Jaribu kabla ya kuivuta chini. Weka PK, kisha nj kwa herufi ndogo (itakubali, SWITCH ya Excel haibagui herufi kubwa na ndogo), kisha XX, kisha futa. Majibu yawe: Kimepokelewa ofisini, Kiko njiani, Msimbo haumo: XX, na tupu.

Hatua ya 4. Vuta fomula mpaka mwisho wa orodha, halafu weka kwenye seli ya pembeni hesabu ya mistari yenye kasoro:

```
=COUNTIF(C2:C500,"Msimbo haumo*")
```

Ikisoma 0, misimbo yote imetambuliwa. Kwamba karani kaandika KB pahali pa FK, hilo fomula haiwezi kulijua.

Inapoharibikia

Kosa baya kuliko yote ni kusahau maelezo ya msimbo mmoja, kwa sababu Excel haikuonyi. Tuseme umeruka "Kiko njiani". Jozi zote zinazofuata zinasogea hatua moja: NJ inapewa jibu "FK", "Kimefika, kinasubiri mwenyewe" inageuka kuwa msimbo wenye jibu "KB", na kadhalika mpaka ujumbe wako wa akiba unaishia kuwa maelezo ya "Kimerudishwa kwa mtumaji". Sasa hakuna tena kipande kisicho na mwenza. Dalili zake ni hizi: PK iko sawa, NJ inaonyesha msimbo mwingine badala ya maelezo, na kuanzia FK kwenda chini ni #N/A tupu. Ukiona hivyo, anza kutafuta kwenye msimbo ulioleta jibu la ajabu, hapo ndipo pengo lilipo. Ndiyo maana fomula imeandikwa jozi moja kila mstari (Alt+Enter ndani ya upau wa fomula). Pengo linaonekana kwa jicho.

Jingine ni alama za nukuu. Fomula iliyopita kwenye Word au simu mara nyingi inafika na nukuu zilizopinda, ambazo Excel haizitambui. Zifute uziandike upya kwa kibodi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kwangu inaleta #NAME? kila seli. Natumia Excel 2016.

Jibu: SWITCH ilikuja na Excel 2019 na Microsoft 365, toleo lako la kununua mara moja halina. Weka misimbo safu H na maelezo safu I, kisha tumia hii:

```
=IF(TRIM(B2)="","",IFERROR(VLOOKUP(TRIM(B2),$H$2:$I$6,2,FALSE),"Msimbo haumo: "&B2))
```

Hiyo FALSE usiiache, bila yake utapewa maelezo ya msimbo wa jirani.

Swali: Niko Goma, kompyuta ni ya Kifaransa. Nikibandika inakataa kabisa.

Jibu: Kwenye Excel ya Kifaransa SWITCH inaitwa SI.MULTIPLE na TRIM ni SUPPRESPACE, na vipande vinatenganishwa kwa nukta-mkato badala ya koma. Koma iliyo ndani ya nukuu, kama ya "Kimefika, kinasubiri", usiiguse. Ukipokea faili lenyewe badala ya maandishi ya fomula, Excel inabadilisha majina yenyewe.

Swali: Misimbo yetu ni namba, 1 hadi 5. Zote zinasema "Msimbo haumo: 1", "Msimbo haumo: 2"...

Jibu: TRIM inageuza namba kuwa maandishi, na wewe bila shaka umeandika 1 bila nukuu. Ama andika `"1"`, ama ondoa TRIM. Kama seli inaonyesha 01 kwa sababu ya umbizo tu, ndani yake bado ni 1. Chunguza `TEXT(B2,"00")` na uandike `"01"`, na jozi ya mistari mitupu iwe `"00",""`.

Swali: Nimeweka TRIM lakini PK zilizotoka kwenye mfumo wa tovuti bado zinakataliwa.

Jibu: Andika `=LEN(B2)`. Ikisema 3, kuna nafasi ya aina nyingine, ile ya kurasa za wavuti, ambayo TRIM haiigusi. Badilisha kipande cha kwanza kiwe:

```
TRIM(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160)," "))
```

Swali: Tuna misimbo kama 40 na inaongezeka kila mwezi. SWITCH itabeba?

Jibu: Inabeba jozi hadi 126, ila nisingekushauri. Kila msimbo mpya utakulazimu kufungua fomula na kuivuta upya safu nzima. Kwa orodha inayokua, tumia jedwali la pembeni na VLOOKUP kama kwenye jibu la kwanza, ila `$H$2:$I$6` uipanue iwe `$H$2:$I$200`. SWITCH ibaki kwa orodha fupi isiyobadilika.