Chai imemwagikia laptopu na batani kadhaa zimekufa: anza hivi, na ujue pa kuishia

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa Ujiji kaniletea laptopu hapa Mwanga, chai ya maziwa ilimwagikia siku nne nyuma, akapangusa juu na kitambaa akaiwasha usiku uleule amalizie kuingiza maksi. Ikawaka vizuri tu. Asubuhi yake 3, E, D na C hazibonyezeki tena, na ile ndefu ya spesi inanata. Nitaieleza hiyohiyo maana ina kila kitu.

Kwanza kabisa, ikimwagikiwa tu chomoa chaja, halafu shikilia batani ya kuwashia sekunde kama kumi mpaka izime, usisubiri kusevu kazi. Betri ikiwa ya kuchomoka itoe, kama iko ndani fungua mfuniko wa chini uchomoe konekta yake, na kama huna bisibisi ndogo mpelekee fundi siku hiyohiyo. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa sababu chai yenyewe haiui haraka, kinachoua ni umeme kupita kwenye chai, ule unakula njia za shaba na fedha zilizo ndani. Laptopu iliyozimwa bado ina umeme wa betri, kwa hiyo kuzima peke yake hakutoshi.

Pili, ifungue igeuze kifudifudi, ikae kama paa la nyumba, kibodi ikitazama chini juu ya taulo. Iache kivulini feni ikipuliza, siku mbili kamili. Usiianike juani wala usiipulizie draya ya saluni, plastiki inajikunja. Na mchele uache jikoni, hauvuti maji yaliyo chini ya batani, unaacha vumbi tu.

Ila kukauka sio kupona. Maji matupu yakikauka mara nyingi batani zinarudi, chai ya maziwa ikikauka inaacha sukari na mafuta, na hiyo ndiyo inayonata.

Tatu, ikishakauka rudisha betri uiwashe, na kabla hujasafisha chochote, pima. Chomeka kibodi ya nje ya USB, fungua Notepad, bonyeza zote. Ya nje ikiandika kila herufi ujue tatizo liko kwenye kibodi ya laptopu. Kama huna ya nje, bonyeza Windows na R kisha andika

```
osk
```

itatokea kibodi kwenye skrini, hapo bonyeza batani za laptopu moja moja uangalie ipi inawaka kwenye picha na ipi kimya. Ziandike kwenye karatasi. Batani inayoshika ukikandamiza sana, au inayojirudia yenyewe, hiyo ni uchafu. Ila zikiwa kadhaa, zimekufa kabisa na ziko mstari mmoja kama 3, E, D, C, shtuka, maana batani nyingi zinatumia njia moja ya umeme, ikikatika zinakufa kwa pamoja. Mpangilio unatofautiana modeli hadi modeli lakini kufa kwa kundi ndio dalili.

Nne, kusafisha, zima kwanza uchomoe betri tena. Tafuta isopropili alkoholi ya asilimia 99, ukikosa spiriti ya duka la dawa ya 70 inafaa ila ina maji, iache ikauke usiku mzima. Mbali na jiko, inashika moto. Inua kofia ya batani taratibu kutoka pembeni mpaka iachie, piga picha kile kibanio cheupe cha chini kabla hujakigusa, kisha futa kwa pamba ya masikio iliyolowa kidogo, sio kumimina. Ile ya spesi ina waya wa chuma, usiuvute kwa nguvu.

Spesi ya mwalimu ilipona papo hapo. Zile nne hazikurudi, nikarudia mara ya pili bado. Nikatoa kibodi nzima nikaimulika kwa tochi kwa nyuma. Ndani kuna karatasi tatu za plastiki zilizobandikwa, njia za umeme zimechapwa juu yake, chai ilikuwa imepenya katikati na njia moja ilikuwa nyeusi kipande kama punje ya mchele. Spiriti haifiki pale, na hata ikifika haiwezi kurudisha njia iliyoliwa. Kwa hiyo mimi nasafisha mara mbili tu, ya tatu nakula hela ya mtu bure.

Nilimwambia, "Mwalimu, hii ni ya kubadilisha." Tukaagiza Dar kwa namba iliyo kwenye stika nyuma ya kibodi yenyewe, sio kwa jina la laptopu, maana laptopu za jina moja zinakuja na konekta tofauti. Uliza pia kama imefungwa kwa skrubu au kwa ripiti za plastiki, za ripiti kazi yake ni kubwa na fundi atachaji zaidi. Wakati anasubiri akawa anatumia ya USB, nami nikamchomolea kabisa waya bapa wa ile mbovu, isije ikaanza kujiandikia herufi katikati ya maksi za watoto.