Mwagilia kwanza, ndipo utandaze nyasi

Kiangazi hiki, kabla hujatandaza nyasi kwenye tuta la mboga, lowesha udongo kwanza mpaka chini. Matandazo hayaleti maji, yanatunza yaliyopo. Ukifunika udongo mkavu, maji kidogo utakayonyunyiza baadaye yataishia kwenye nyasi na kukauka humo humo, mizizi isipate kitu.

Chukua tuta la mita 1 kwa mita 4. Lipe ndoo tatu za lita 20, polepole, jioni au alfajiri, ukisubiri kila ndoo izame. Kisha tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu, unene wa sentimita 5 hadi 8. Acha nafasi ya vidole viwili kuzunguka kila shina, maana nyasi zilizolowa zikiligusa shina huliozesha, hasa la nyanya. Miche midogo isubiri kwanza irefuke.

Usimwagilie kwa kufuata kalenda. Sogeza nyasi, chomeka kidole chote ardhini. Kikitoka na udongo unaong'ang'ania, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia tena kwa wingi ule ule, ukielekeza maji kwenye shina chini ya nyasi. Majani yakilegea saa saba mchana si lazima iwe kiu. Yakiwa bado yamelegea asubuhi, hapo mmea unahitaji maji kweli.

Na ukiona vichuguu vya mchwa chini ya nyasi, ondoa matandazo sehemu hiyo mara moja.