Kupandisha bei kwa mteja wa zamani bila kugusa bei ya saa

Kama unamtoza kwa saa, mhamishie kwenye bei ya kazi nzima, na ufanye hivyo kazi mpya inapoanza, si katikati ya inayoendelea. Tuseme kazi inayojirudia ilikuchukua saa 10 mwanzoni, sasa unaimaliza kwa 6. Kadiri unavyoizoea, ndivyo unavyolipwa kidogo. Taja bei ya saa 8: ni chini ya alicholipa mwanzoni, anajua jumla mapema, na kila saa yako imepanda kwa theluthi moja. Mbinu hii hugoma pale kazi inapokosa mipaka, hasa kwa mteja wa “ongeza kidogo tu”. Huyo mwandikie: marekebisho mawili, yanayozidi hulipwa kwa saa. Akikataa, baki kwenye saa.