Jinsi ya Kuwasilisha Malalamiko ya Kelele za Jirani Katika Nyumba ya Kupanga, Nairobi

Kabla ya kuandika barua yoyote, hakikisha kelele zinatoka wapi. Sakafu ya zege hupitisha mtikisiko hadi vyumba vya pembeni, na si ajabu mpangaji wa juu akalaumiwa kwa mashine iliyo nyumba ya pili. Kelele zinaposikika, tembea kwenye ujia wa ghorofa yako na ya juu yake, ukilinganisha mahali zinapozidi.

Kisha weka kumbukumbu kwa wiki mbili. Tuseme unaishi ghorofa ya 3, na aliye juu yako ni fundi cherehani anayeshonea nyumbani. Andika hivi: “Jumanne, saa 3:40 usiku hadi saa 5:50, mtikisiko wa mashine kupitia dari ya chumba cha kulala, mtoto aliamka mara mbili.” Usiandike kwamba anafanya kusudi, kwa sababu hilo hulijui, na sentensi moja ya namna hiyo humfanya msomaji ashuku hata yale uliyoyasikia kweli.

Zungumza na jirani mchana, mkiwa wawili, ukimwonyesha saa ulizoandika. Huenda hajui kwamba mashine iliyokaa moja kwa moja juu ya vigae hutikisa dari ya mwenzake, na mkeka mzito wa mpira chini ya miguu ya mashine hiyo ukapunguza sehemu kubwa ya tatizo. Naye ana riziki ya kulinda, kwa hiyo muulize ni saa zipi anazohitaji kweli.

Msipoelewana, mwandikie mwenye nyumba au wakala wake. Taja kifungu cha mkataba wa upangaji kinachohusu utulivu, kama kipo, ambatisha kumbukumbu, eleza mazungumzo yenu pamoja na majibu ya jirani, kisha uombe kikao cha pande zote mbili ndani ya siku 14. Kuomba kikao ni bora kuliko kuomba afukuzwe, kwa kuwa wakala hawezi kuamua kwa haki kabla ya kumsikiliza mlalamikiwa. Baki na nakala iliyotiwa sahihi ya kupokelewa. Mkikubaliana, kwa mfano kwamba mashine itazimwa saa 3 usiku, yaandikwe, nyote mtie sahihi, na mpange siku ya kuyapitia tena baada ya mwezi mmoja.

Kikao kikishindikana, peleka nakala hizo kwa serikali ya kaunti, ambayo Katiba ya 2010 imeikabidhi udhibiti wa kelele, au kwa mamlaka ya mazingira, NEMA. Kanuni za kelele za 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 ndani ya nyumba za makazi kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kipimo cha simu yako kinaweza kukusaidia kujua usiku upi ulizidi mwingine, lakini usikitumie kama ushahidi. Omba afisa aje na kifaa kilichohakikiwa, katika saa zilezile ambazo kumbukumbu yako inaonyesha.