Kuezeka ghala kwa mabati yasiyovuja: yapandane vya kutosha, skrubu ikae mgongoni

Ghala la nafaka likivuja, mkulima hukimbilia kulaumu bati. Bati jipya huwa halina tatizo. Maji hupita sehemu mbili: pale bati linapopandana na jenzake, na kwenye tundu la skrubu. Sehemu zote mbili zimo mikononi mwa anayeezeka.

Tuchukue ghala lenye paa la urefu wa mita 6.5, na bati la mawimbi lenye upana wa sentimita 76, ambalo kutoka mgongo mmoja hadi mwingine ni kama sentimita 7.6. Mafundi wengi hupandisha wimbi moja tu ubavuni, wakisema wanaokoa bati. Upepo ukisukuma mvua, maji hupanda kwenye mwanya huo mwembamba na kudondokea ndani. Pandisha wimbi moja na nusu, yaani karibu sentimita 11, ili ukingo wa bati la juu uinamie bondeni na ule wa bati la chini uishie juu ukiwa umefichwa. Sasa piga hesabu. Kwa wimbi moja na nusu kila bati linafunika sentimita 65, hivyo safu moja inahitaji mabati 10. Kwa wimbi moja linafunika sentimita 68.4, na safu bado inahitaji mabati 10, kwa sababu 9 hayafiki. Huo ubahili haujaokoa hata bati moja! Fanya hesabu hii kwa vipimo vya paa lako kabla ya kumkubalia fundi.

Mpangilio nao una mwanzo wake. Ikiwa mvua ya upepo kwenu hutoka mashariki, bati la kwanza liwekwe mwisho wa magharibi, kisha endelea kuelekea mashariki. Kila bati jipya litalalia lililotangulia, na ukingo ulio wazi utaupa upepo kisogo. Anza na safu ya chini. Ya juu iilalie. Paa linalopanda angalau sentimita 27 kwa kila mita moja ya kwenda ndani linatosheka na sentimita 15 za kupandana hapo. Likiwa limelala zaidi, likipanda sentimita 18 hivi, weka 20. Papi, yaani mbao inayopigiliwa mabati, lazima ipite chini ya sehemu hiyo, la sivyo bati litabonyea na mwanya kufunguka.

Skrubu ndiyo inayoharibu mapaa mengi. Iweke juu ya mgongo, si bondeni, kwa kuwa bondeni ndiko maji yote hupita na washa ikichakaa kidogo tu yameingia. Urefu wake utoshe kimo cha wimbi, karibu milimita 18, na bado izame kwenye papi milimita 30 au zaidi. Usinunue iliyo fupi kuliko milimita 50. Tandika uzi juu ya mabati kufuata katikati ya papi, ili usitoboe pasipo na mbao. Kwenye mchirizi, kileleni na pale safu mbili zinapokutana, funga mgongo mmoja na kuruka mmoja. Papi za kati unaweza kuruka miwili. Mgongo wa ubavuni ambapo mabati mawili yamepandana usirukwe kamwe.

Kukaza kunataka jicho. Washa nzuri ni ya chuma yenye mpira chini yake. Kaza mpaka mpira uanze kuchungulia kidogo pembeni mwa chuma, uache. Ukiweza kuizungusha washa kwa vidole, imelegea. Mpira ukitokeza sana au mgongo ukibonyea, umezidisha: mpira utapasuka kwa jua, na kishimo kitakusanya maji kuzunguka skrubu. Ukiwa na mashine, punguza nguvu yake na umalizie kwa mkono. Skrubu iingie wima. Ikiinama, washa hulala upande mmoja.

Tundu lililokosa papi usiliache kwa kuwa ni dogo. Liko mgongoni, kwa hiyo kiraka kidogo cha bati chenye gundi ya paa chini yake kinatosha. Gundi inayonuka siki usiitumie, asidi yake hula zinki. Jioni hiyohiyo fagia vumbi la chuma lililotokana na kutoboa, maana likilala na umande huanza kutu na kutia madoa kwenye bati.

Kabla ya kuingiza magunia, ingia ndani wakati wa jua kali, funga mlango, utazame juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Kisha mtu amwage maji juu ya paa, akianza na mchirizi na kupanda polepole kuelekea kileleni, huku wewe ukiwa ndani. Akianza juu, maji yatateremka paa zima na hutajua yalikoingilia. Akianza chini, mahali anapomwaga wakati unapoona tone la kwanza ndipo pa kurekebisha.