Somo: Kufupisha wasifu wa kazi baada ya miaka kumi ya uzoefu

Mwenye uzoefu wa miaka kumi na zaidi aandike kurasa mbili. Ukurasa mmoja humtosha anayeanza kazi, na kurasa nyingi zaidi ni za wahadhiri na watafiti, ambao machapisho yao ni sehemu ya sifa zinazopimwa. Tuchukue mhasibu wa miaka 12, mwenye ajira tatu na wasifu wa kurasa nne, anayeomba nafasi ya mhasibu mkuu.

Hatua ya kwanza: Asome tangazo kabla ya kufuta chochote, kisha aorodheshe linachokitaka: kusimamia wahasibu wengine, kuandaa hesabu za mwaka na kuwajibu wakaguzi.

Hatua ya pili: Agawe nafasi kwa kila ajira. Ajira ya sasa ipewe mistari sita, ya kati mitatu, na ile ya ukarani wa hesabu ibaki na mstari mmoja wenye cheo, mwajiri na miaka. Asiifute kabisa ikiwa tangazo linadai miaka 10 au zaidi, kwa kuwa hesabu ya miaka yake haitatimia.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo ngumu na ndiyo yenye faida kubwa: Aondoe majukumu ambayo cheo chenyewe kinayaeleza. “Nilitunza vocha na kulinganisha daftari na taarifa ya benki” ni kazi ya kila mhasibu, hivyo haimtofautishi na mwombaji mwingine. Lakini “Nilisimamia wahasibu wanne na kupunguza muda wa kufunga hesabu za mwezi kutoka siku 12 hadi 5” inabaki, kwa sababu inajibu tangazo na inaweza kuulizwa kwenye usaili.

Hatua ya nne: Aondoe matokeo ya sekondari, semina za siku moja, na majina ya wadhamini iwapo hayakuombwa. Cheti cha taaluma kinabaki hata kama ni cha zamani.

Kama bado kurasa zinazidi mbili, arudie hatua ya tatu. Asipunguze herufi chini ya ukubwa wa 10 wala kubana pambizo, maana maandishi yaliyosongamana huyaficha hata yale mazuri.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimekaa kwa mwajiri mmoja miaka 14. Nikate nini?*

Ndugu, andika jina la mwajiri mara moja, kisha utenganishe vyeo ulivyopitia, kila kimoja na miaka yake. Cheo cha mwisho kipewe nafasi kubwa, na cha kwanza mstari mmoja. Ukiviunganisha vyote, kupandishwa kwako hakutaonekana.

*Je, ikiwa kazi inayotakiwa niliifanya miaka 11 iliyopita?*

Hapo umri wa ajira hauna uzito, dada. Tenga sehemu mbili, “Uzoefu unaohusiana na nafasi hii” na “Uzoefu mwingine”, uiweke ajira hiyo katika ya kwanza pamoja na miaka yake halisi, na uzifupishe za karibuni zisizohusiana.