Meseji iliyokatwa kwenye skrini iliyofungwa: namna ya kuisoma yote kabla hujajibu

Ninatengeneza simu Kirumba, Mwanza, na wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa dagaa pale soko la Mwaloni. Hasara ninayoisikia mara kwa mara haitokani na simu mbovu. Mtu anasoma mstari wa kwanza juu ya skrini iliyofungwa, anajibu, kisha anatuma hela.

Mama mmoja anayeletewa mzigo kutoka Ukerewe aliona hivi:

"Shikamoo mama, pole na kazi. Tuma hela ya boti…"

Akajibu "Sawa", akamtumia mwenye boti waliyezoeana naye. Meseji yenyewe ilikuwa hii:

"Shikamoo mama, pole na kazi. Tuma hela ya boti mzigo ukishafika Mwaloni, usitume sasa, maana ile boti imegeuza na tunatafuta nyingine."

Salamu peke yake imekula herufi 28, ukihesabu na nafasi. Sisi husalimia kwanza, na sharti huja mwishoni. Simu nayo hukata mwishoni, kwa hiyo kinachopotea mara nyingi ni lile sharti.

Hatua ya 1: Ijue simu yako inakata wapi. Mwambie mtu akutumie "moja mbili tatu nne" mpaka ishirini, skrini ikiwa imefungwa. Angalia namba ya mwisho unayoiona. Kwenye Android arifa iliyojikunja huonyesha takriban mstari mmoja, hivyo usishangae ikiishia kwenye nane au tisa. Ukiwa umekuza maandishi itaishia mapema zaidi. Kama huoni neno lolote la meseji, simu imewekwa ifiche maandishi. Kwenye Android hilo liko ndani ya Settings, upande wa Notifications, sehemu ya lock screen. Kwenye iPhone ni Settings, Notifications, halafu Show Previews. Kama simu yako hushikwa na watu wengi sokoni, iache ifiche.

Hatua ya 2: Ikunjue arifa. Kwenye Android vuta arifa yenyewe kwenda chini kwa kidole, au gusa kishale kidogo kilicho pembeni yake. Kwenye iPhone ibonyeze na uishikilie. Vidoti vitatu mwishoni ni dalili kwamba kuna maneno yamebaki. Lakini hata arifa iliyokunjuliwa ina kikomo chake, na meseji ndefu haitatosha. Tena, mtu akikutumia meseji tatu mfululizo, arifa iliyojikunja inaweza kukuonyesha ya mwisho tu, huku jambo lenyewe likiwa kwenye ya kwanza.

Hatua ya 3: Penye hela, mzigo au muda, gusa arifa yenyewe, usiguse Reply. Reply hukupa kisanduku cha kuandikia bila kukupeleka kwenye mazungumzo. Ukigusa arifa yenyewe utaingia ndani. Huko nako, WhatsApp ikionyesha Read more, iguse usome mpaka nukta ya mwisho.

Wapo wanaosomea nje kwa makusudi, hawataki tiki za bluu zionekane. Kama hiyo ndiyo sababu, zizime: Settings, Privacy, Read receipts. Nawe hutaona za wenzako, na kwenye magrupu zitaendelea kutumwa, lakini ni afadhali hivyo kuliko kujibu meseji nusu.

Hatua ya 4: Jibu kwa kurudia sharti. "Sawa" ya yule mama ilimfanya kijana wa Ukerewe aliyetuma ile meseji aamini kuwa ameelewa yote, akatulia. Angeandika "Sawa, natuma sasa hivi", kijana angempigia papo hapo.

Hatua ya 5: Ukiwa wewe ndiye unayetuma, sharti liwahi. Salamu usiiache, ifupishe tu: "Shikamoo mama. Usitume hela leo." Hapo hata skrini iliyofungwa itaonyesha lililo muhimu. Sababu na maelezo ya boti vifuate nyuma.

Ukishajibu vibaya. Piga simu kwanza, hasa kama hela imeshatoka. Kisha ingia kwenye mazungumzo, ivute ile meseji yake kwenda kulia ili jibu lako jipya liambatane nayo, uandike: "Nilikuwa sijasoma yote. Sitatuma mpaka mzigo ufike." Usitegemee kurekebisha jibu la zamani. WhatsApp inaruhusu kulihariri ndani ya dakika 15, lakini mwenzako hapati arifa mpya kwamba umelibadilisha. Kama naye alilisomea kwenye skrini iliyofungwa, anachojua bado ni lile la kwanza.